Chati ya Udhibiti: Kuusoma Mstari wa Kati, Mipaka na Dalili za Mashine Kuhama

Wengi wetu tunaosoma uhandisi, takwimu au teknolojia ya chakula tumekutana na chati ya udhibiti darasani, tukakariri fomula zake, tukafaulu mtihani, kisha tukasahau. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipopelekwa mafunzo ya vitendo kwenye kiwanda kimoja cha kusaga na kufungasha unga wa mahindi hapa Uganda. Huko niliikuta chati ikiwa imebandikwa kwa gundi kwenye ubao kando ya mashine, imejaa alama za kalamu na vumbi la unga. Ndipo nilipoelewa inafanya kazi gani. Katika somo hili nitachukua mashine moja tu, ile ya kujaza pakiti za kilo moja, na siku moja tu ya kazi. Namba nimezilainisha kidogo ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini mwenendo wake ndio huo huo.

Kwanza tuielewe mashine. Juu kuna hopa, yaani faneli kubwa ya chuma inayopokea unga kutoka kinuni. Chini ya hopa kuna skrubu ndefu ndani ya bomba. Skrubu ikizunguka idadi fulani ya mizunguko inasukuma unga kuingia kwenye pakiti, kisha inasimama, na pakiti nyingine inakuja. Zinatoka pakiti 20 kwa dakika. Angalia jambo hili, maana litarudi baadaye: mashine haipimi uzito. Inapima ujazo. Inaamini kwamba mizunguko ile ile itatoa unga ule ule. Kama unga umekuwa mwepesi au mzito zaidi, au nafasi ndani ya skrubu imepungua, mashine haina habari. Kuna nobu moja ya kuongeza au kupunguza mizunguko, na nobu hiyo ndiyo ilikuwa chanzo cha ugomvi karibu kila zamu.

Kabla ya chati kuletwa, utaratibu ulikuwa huu. Mwendesha mashine anachukua pakiti moja, anaiweka kwenye mizani. Ikisoma gramu 998, anaongeza nobu kidogo. Baadaye anapima nyingine, inasoma 1013, anapunguza. Mchana kutwa anazungusha mbele na nyuma, na jioni anachoka akiamini amefanya kazi ya uangalifu mkubwa. Tatizo ni kwamba hakuna mashine inayotoa pakiti zote zenye uzito sawasawa. Hata ikiwa nzima kabisa, pakiti moja itakuwa 1002, inayofuata 1009, inayofuata 1005. Tofauti hizi ndogo zinatokana na mambo mengi madogo madogo yasiyohesabika: chembe za unga zilivyolala, mtikisiko, skrubu ilivyosimama. Hazina sababu moja unayoweza kuinyooshea kidole. Lakini zipo siku ambapo kuna sababu moja ya kweli, na siku hiyo uzito unahama. Swali la mwendesha mashine ni moja: hii 998 ninayoiona ni tikisiko la kawaida la mashine, au kuna kitu kimebadilika?

Swali hilo ndilo alilolijibu Walter Shewhart, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya Western Electric iliyotengeneza vifaa vya simu. Tarehe 16 Mei 1924 alimwandikia mkuu wake waraka mfupi sana uliokuwa na mchoro mmoja ndani yake: mstari wa katikati, mstari mmoja juu, mmoja chini, na nukta zinazofuatana kwa wakati. Mchoro huo ndio tunaoutumia mpaka leo, na haujabadilika sana.

Mistari inatoka wapi

Kiwandani kwetu sampuli ilikuwa pakiti tano zinazofuatana, zikichukuliwa kila nusu saa. Kufuatana ni muhimu. Pakiti tano zilizotoka ndani ya sekunde kumi na tano zimetengenezwa katika hali moja: unga ule ule, joto lile lile, skrubu ile ile. Kwa hiyo tofauti kati yao inaonyesha tikisiko la kawaida la mashine peke yake. Kama kuna kitu kinahama polepole, kitaonekana baina ya sampuli na sampuli, si ndani ya sampuli. Ukizichanganya pakiti za asubuhi na za mchana ndani ya sampuli moja, umeyamwaga maji na mafuta kwenye chungu kimoja.

Kwa kila sampuli unahesabu vitu viwili tu. Chukua sampuli hii ya kweli kutoka kwenye daftari: 1004, 1009, 1002, 1011, 1006. Wastani wake ni 5032 gawanya kwa 5, yaani 1006.4. Upana wake ni kubwa kutoa ndogo, yaani 1011 kutoa 1002, sawa na gramu 9. Wastani unakuambia mashine imelenga wapi. Upana unakuambia mkono wake unatetemeka kiasi gani. Kila kimoja kina chati yake, na hubandikwa moja juu ya nyingine.

Tulikusanya sampuli 20 wakati ambapo fundi mkuu alikuwa ameikagua mashine na kuhakikisha kwamba hakuna anayegusa nobu. Wastani wa wastani zote ishirini ulikuwa gramu 1006.0. Huo ndio mstari wa kati. Wastani wa upana zote ulikuwa gramu 9.0. Kutoka hapo mipaka inapatikana hivi:

```
UCL = 1006.0 + 0.577 × 9.0 = 1011.2
LCL = 1006.0 − 0.577 × 9.0 = 1000.8
```

Alama hizo ndizo utakazoziona kwenye programu za kompyuta: UCL ni mpaka wa juu, LCL ni mpaka wa chini. Ile 0.577 inasomwa kwenye jedwali, na ni ya sampuli za vipande vitano tu. Sampuli za vipande vinne zina namba yake. Haikuanguka kutoka mbinguni. Kwa sampuli za vipande vitano, ukiugawanya upana wa wastani kwa 2.326 unapata makadirio ya sigma, yaani kipimo cha mtawanyiko wa pakiti moja moja. Hapa 9.0 gawanya kwa 2.326 ni karibu gramu 3.87. Lakini chatini hatuchori pakiti moja, tunachora wastani wa pakiti tano, na wastani hutikisika kidogo kuliko kipande kimoja. Unagawanya tena kwa kipeuo cha pili cha 5, unapata 1.73. Mara tatu ya 1.73 ni 5.19, na 0.577 mara 9.0 ni hiyo hiyo 5.19. Jedwali limekufupishia njia, basi.

Chati ya upana nayo ina mpaka wake wa juu: 2.114 mara 9.0, sawa na gramu 19. Mpaka wa chini kwa sampuli za vipande vitano ni sifuri. Chati hii isomwe kwanza. Upana ukiwa umeruka nje, maana yake mkono wa mashine umeanza kutetemeka vibaya, na mipaka ya chati ya wastani, iliyojengwa juu ya upana ule wa zamani, haiwezi tena kuaminiwa.

Sasa, kwa nini mara tatu na si mara mbili? Shewhart alichagua tatu kwa hesabu ya gharama. Kila king'ora kinachopigwa bure kinasimamisha mashine na kumchosha fundi, na kila king'ora kisichopigwa kinaacha kosa liendelee. Kwa mipaka ya sigma tatu, mashine nzima isiyo na tatizo itapiga king'ora cha uongo karibu mara 1 katika nukta 370. Ukichukua sampuli kila nusu saa katika zamu ya saa nane, hiyo ni mara moja katika zamu 23 hivi. Mtu anaweza kuishi na hilo.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza, hata waliofaulu mtihani. Mipaka hii haikutoka kwa meneja, wala kwa mteja, wala kwenye sheria ya vipimo. Imetoka kwenye tikisiko la mashine yenyewe. Gramu 1000 iliyoandikwa kwenye pakiti ni ahadi kwa mnunuzi. Gramu 1000.8 kwenye chati ni sauti ya mashine. Kwamba zimekaribiana ni bahati tu. Nimemwona mkaguzi mmoja aliyechora mistari ya chati kwenye 985 na 1015 kwa sababu ndivyo karatasi ya masharti ya bidhaa ilivyosema. Chati ya namna hiyo haitapiga king'ora mpaka nyumba imekwisha kuungua. Tena inalinganisha vitu visivyolingana: masharti ya bidhaa yanahusu pakiti moja moja, na nukta za chati ni wastani wa pakiti tano.

Siku ile

Hizi hapa sampuli za siku moja ya kawaida, kuanzia saa 1:00 asubuhi mpaka saa 7:00 mchana.

| Saa | Wastani | Upana |
|---|---|---|
| 1:00 | 1006.8 | 8 |
| 1:30 | 1005.2 | 11 |
| 2:00 | 1007.4 | 7 |
| 2:30 | 1004.8 | 10 |
| 3:00 | 1006.2 | 6 |
| 3:30 | 1005.4 | 12 |
| 4:00 | 1005.0 | 9 |
| 4:30 | 1005.6 | 8 |
| 5:00 | 1004.0 | 10 |
| 5:30 | 1004.6 | 7 |
| 6:00 | 1003.8 | 11 |
| 6:30 | 1003.2 | 9 |
| 7:00 | 1003.0 | 8 |

Kabla hujaendelea, chukua karatasi uzichore. Mstari wa kati 1006.0, mpaka wa juu 1011.2, mpaka wa chini 1000.8.

Saa 2:30 pakiti mojawapo kati ya tano ilisoma 999. Mkono wa mwendesha mashine ulikwenda kwenye nobu wenyewe. Fundi mkuu, mzee mmoja ambaye sote tulimwita Hajji, alimwambia: "Mwanangu, iache. Tia nukta yako, uiache." Wastani wa 1004.8 uko ndani kabisa, na sampuli mbili zilizofuata hazikuwa na ajabu yoyote. Kwa pakiti moja moja, mashine iliyolenga 1006.0 na yenye sigma ya 3.87 itatoa pakiti chini ya 1000 karibu 6 katika kila 100 bila tatizo lolote jipya. Kuiona moja yao si habari.

Lakini tazama kuanzia saa 3:30. Hakuna nukta hata moja iliyovuka mpaka. Ya chini kuliko zote, 1003.0, bado iko gramu mbili na zaidi juu ya mpaka wa chini. Mtu anayejua kanuni moja tu, ya nukta kutoka nje, atasema siku ilikuwa salama. Sasa hesabu upande: 3:30, 4:00, 4:30, 5:00, 5:30, 6:00, 6:30, 7:00. Nukta nane mfululizo, zote chini ya mstari wa kati.

Mashine ikiwa haijahama, kila nukta ina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa juu au chini, kama kurusha sarafu. Kurusha mara nane ukapata upande ule ule mmoja uliokwisha kuutaja ni nafasi 1 katika 256. Ndiyo maana kitabu cha Western Electric cha mwaka 1956 kiliweka nukta nane upande mmoja kuwa ishara kamili, yenye uzito sawa na nukta iliyotoka nje. Wengine husema tisa, wengine saba. Tofauti hiyo si kubwa. Kubwa ni kuamua idadi kabla ya kuitazama chati, si baada ya kuitazama.

Ipo ishara nyingine iliyojitokeza saa hiyo hiyo. Gawanya nafasi kati ya mstari wa kati na mpaka wa chini mara tatu, kila sehemu gramu 1.73. Mstari wa sehemu ya kwanza uko 1004.3. Katika nukta tano za mwisho, nne ziko chini yake: 1004.0, 1003.8, 1003.2 na 1003.0. Iliyobaki juu yake ni 1004.6 ya saa 5:30. Nne katika tano nje ya sigma moja, upande mmoja, nayo ni ishara ya kitabu kile kile. Ishara mbili tofauti zinasema neno moja.

Wanafunzi hupenda sana kutafuta mteremko, kila nukta chini ya iliyotangulia. Hapa kanuni hiyo isingesaidia. Saa 4:30 ilipanda, saa 5:30 ilipanda tena. Mashine inayohama polepole haishuki kama ngazi. Inashuka huku ikitikisika, na mtikisiko unauficha mteremko. Kuhesabu upande wa mstari wa kati hakudanganywi na vipandio hivyo vidogo, na ndiyo sababu mimi naiamini zaidi kanuni ya nane.

Na kwa nini tusingoje tu nukta itoke nje? Tuseme mashine imekwisha hama mpaka 1003.0 na imebaki hapo. Umbali kutoka hapo hadi mpaka wa chini ni gramu 2.2, ambayo ni sigma 1.27 ya wastani. Nafasi ya sampuli moja kutua nje ni karibu 1 katika 10. Maana yake utangoja kwa wastani sampuli kumi, saa tano nzima, pakiti 6000. Na katika hizo 6000, zilizo chini ya kilo hazitakuwa tena 6 katika 100. Zitakuwa karibu 22 katika 100. Msomaji wa jarida hili anajua vizuri jina la mtu anayempunguzia mwenziwe kipimo. Hapa hakuna aliyekusudia, na mama aliyenunua pakiti ile dukani hana mizani nyumbani ya kugundua.

Kutafuta sababu

Ishara ikitokea, chati imefika mwisho wa kazi yake. Haijui sababu. Inakuambia tu kwamba sababu ipo, na takriban imeanza lini. Cha kwanza tulichokitazama ni chati ya upana. Upana za siku nzima zilikuwa kati ya 6 na 12, wastani wake karibu 9, kama kawaida. Kwa hiyo mkono wa mashine haukuanza kutetemeka. Imehama shabaha peke yake. Hilo liliondoa mambo kadhaa: skrubu iliyolegea, mota inayosita, mizani mbovu inayorukaruka. Vitu hivyo vingetanua upana. Tulitafuta kitu kinachopunguza kila pakiti kwa kiasi kile kile, na kinachozidi kidogo kidogo.

Cha pili ni maandishi pembeni mwa chati. Chini ya kila nukta kulikuwa na nafasi ya kuandika kilichobadilika: mtu, mzigo, roli la mifuko, kusimama kwa umeme. Karibu na saa 3:00 mtu aliandika kwa penseli, "mahindi ya lori jipya". Bila maneno hayo manne tungetafuta mpaka jioni.

Mahindi yale yalikuwa hayajakauka vizuri. Unga wake ulikuwa na unyevu, na ulipopita kwenye skrubu iliyokuwa na joto uliganda kwenye mabawa yake. Mashine ilipofunguliwa tuliona ukoko wa unga umeshika chuma, mnene kama chapati. Ukoko ukichukua nafasi ndani ya skrubu, kila mzunguko unabeba unga pungufu. Na kwa kuwa unaongezeka taratibu, uzito nao ulishuka taratibu. Kumbuka: mashine inapima ujazo, haijui uzito.

Skrubu ilisafishwa, kazi ikaendelea. Sampuli tatu zilizofuata zilikuwa 1006.4, 1005.8 na 1006.6. Nobu haikuguswa. Na mistari ya chati haikuguswa pia, jambo ambalo karani wa takwimu alitaka kulifanya: alipendekeza mipaka ihesabiwe upya kila jioni kwa namba za siku hiyo, ili iwe "ya kisasa". Ukifanya hivyo mstari wa kati unaifuata mashine kokote inakohamia, na hakuna kitakachoonekana kuwa kimehama. Mipaka hubadilishwa pale tu mchakato wenyewe umebadilishwa kwa makusudi na mabadiliko hayo yakathibitika.

Pakiti za asubuhi hazikurudishwa. Wastani wake ulikuwa bado juu ya 1000, na pendekezo la kimataifa la vipimo vya bidhaa zilizofungashwa, OIML R 87, linatazama kwanza wastani wa mzigo, kisha linaruhusu pakiti moja moja ya kilo kupungua hadi gramu 15. Hakuna pakiti iliyokaribia huko. Tuliidaka mapema.

Nobu ile

Mwendesha mashine aliniuliza swali zuri baadaye. Kama uzito ulishuka gramu tatu, si ningeongeza nobu gramu tatu tu, tukamaliza?

Uzito ungerudi 1006, ndiyo. Ukoko ungeendelea kukua. Angeongeza tena saa 8:00, tena saa 9:00, na siku ukoko unapobanduka wenyewe skrubu inakuwa safi ikiwa na mizunguko ya ziada. Pakiti zinaruka juu ghafla, nyingine zinapasuka kwenye mshono.

Na hilo ni pale ambapo kuna sababu ya kweli. Pale ambapo hakuna, nobu ina madhara ya namna nyingine, na hesabu yake ni fupi. Tuseme kila baada ya pakiti unasahihisha tofauti yote: ikizidi 4 unapunguza 4, ikipungua 3 unaongeza 3. Pakiti inayofuata itakuwa na tikisiko lake yenyewe, pamoja na tikisiko la pakiti iliyotangulia ulilolibeba na kulipachika kwenye mashine. Matikisiko mawili yasiyohusiana yakijumlishwa, varianzi zake hujumlishwa. Kwa hiyo varianzi inakuwa mara mbili, na sigma inakua kwa 1.41. Gramu 3.87 inakuwa karibu 5.5. W. Edwards Deming alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa faneli na gololi juu ya meza: aliyeiacha faneli mahali pake alipata duara dogo la alama, aliyeisogeza kila mara kufidia kosa lililopita alipata duara kubwa zaidi.

Mtawanyiko ukikua, kiwanda kinalazimika kuinua shabaha ili pakiti pungufu zisizidi. Kila gramu 6 za ziada katika pakiti 9600 za zamu moja ni zaidi ya kilo 57 za unga zinazotoka mlangoni bila kulipiwa. Kwa hiyo mwendesha mashine mwangalifu, aliyezungusha nobu mchana kutwa, alikuwa akimpunja mnunuzi wa pakiti nyepesi na akimpunja mwenye kiwanda kwa pakiti nzito, yote kwa nia njema.

Chati nzuri kupita kiasi

Wiki iliyofuata kililetwa kitu ambacho kilitupotosha mimi na karani wote wawili. Mashine ya pili ilikuwa na midomo miwili ya kujazia, kushoto na kulia. Chati yake ilikuwa nzuri ajabu. Nukta zote zimejipanga karibu na mstari wa kati kama wanafunzi waliosimama mstarini, hakuna hata moja iliyofika nusu ya njia kwenda kwenye mipaka. Karani alifurahi akataka kuipeleka kwa meneja.

Hajji aliitazama akauliza, "Nani anachukua sampuli, na anachukua wapi?" Sampuli ilikuwa ya pakiti nne, mbili za kushoto, mbili za kulia. Tulipozipima kila upande peke yake tukakuta mdomo wa kushoto unalenga karibu 1002 na wa kulia karibu 1010. Kila sampuli ilibeba tofauti hiyo ya gramu nane ndani yake, upana ukawa mkubwa, na mipaka, ambayo imezaliwa na upana, ikawa mbali sana. Wakati huo huo wastani wa wawili na wawili ulitua katikati kila mara, 1006, kana kwamba hakuna kitu. Pakiti za kushoto zilikuwa zikitoka chini ya kilo karibu 30 katika 100, na chati ilikuwa imetulia.

Nukta kumi na tano mfululizo ndani ya sigma moja kutoka mstari wa kati ni ishara, sawa na nukta iliyotoka nje. Mashine nzima hutikisika hadi theluthi ya nukta zake kutoka nje ya sehemu hiyo. Ikikosa kutikisika, aghalabu kosa liko kwenye namna sampuli inavyochukuliwa, au kuna mtu anaandika namba bila kupima, jambo ambalo pia tuliwahi kulikuta.

Dawa ilikuwa kuitenga midomo, kila mmoja na chati yake. Hapo ndipo kila upande ulipoanza kusema wenyewe. Wa kushoto uliongezwa mizunguko mara moja, kwa sababu sasa kulikuwa na sababu ya kuugusa, na mipaka yake ikahesabiwa upya kwa sampuli 20 mpya.

Neno moja kwa watakaojaribu kwenye kompyuta. Programu nyingi hukupa kanuni nane au zaidi za ishara, na kishawishi ni kuziwasha zote. Kanuni nne za Western Electric zikitumika pamoja, king'ora cha uongo huja kwa wastani kila nukta 92 badala ya 370. Ukiongeza nyingine juu yake, kinakuja mara nyingi zaidi, na baada ya wiki mbili waendesha mashine wanaacha kukisikiliza. Kiwandani tulibaki na tatu: nukta nje ya mpaka, nukta nane upande mmoja, na nukta kumi na tano zilizokumbatia mstari wa kati. Ya nne katika tano tuliiacha kwa fundi mkuu aitumie kwa jicho lake anapopita.